Tangazo la saa moja asubuhi

ASHA: Kiongozi wa kundi anaandika tangazo Jumapili usiku, ila anataka liwafikie watu Jumatatu saa moja asubuhi. Kaka Musa, tuanze na Telegram.

MUSA: Ukishaandika, kitufe cha kutuma usikiguse tu, kibonyeze na ukishikilie. Chagua Schedule Message, weka siku na saa. Ujumbe unakaa kwenye seva, kwa hiyo hata simu yako ikiisha chaji, utatoka.

ASHA: Hapo kwenye saa ndipo watu wanaponasa.

MUSA: Sana! Saa moja asubuhi kwenye simu ni 07:00. Ukiweka 01:00, umewaamsha watu saa saba usiku. Isome tena kabla hujathibitisha.

ASHA: Na maneno yenyewe?

MUSA: Andika kana kwamba tayari ni Jumatatu. Ukiandika "kesho kikao saa nne" na ujumbe ukafika Jumatatu, watu watakuja Jumanne. Andika: "Leo Jumatatu, kikao ni saa nne asubuhi." Siku itajwe kwa jina, maana wengine watausoma jioni.

ASHA: Kikao kikiahirishwa usiku huohuo je?

MUSA: Pale unapoandikia patakuwa na alama ya kalenda. Iguse, utaukuta ujumbe unaosubiri. Ushikilie, kisha uhariri, ubadilishe muda au uufute. Kwenye kundi unauona wewe peke yako, kwa hiyo mwambie msimamizi mwenzako, asije akatuma la pili.

ASHA: Signal nayo?

MUSA: Kwenye Android unashikilia kitufe vilevile, ila hapo simu yako ndiyo inayotuma. Ikiwa imezimwa saa hiyo, tangazo linachelewa.

ASHA: Sasa WhatsApp, ukishikilia na usione chochote cha kupanga muda?

MUSA: Liandike tangazo kwenye gumzo lako mwenyewe, lile la kujitumia ujumbe. Usiliache likisubiri ndani ya kundi, kidole kikiteleza limeondoka. Kisha tega kengele ya 06:55 na uipe jina "Tuma tangazo la kikao". Ikilia, nakili, bandika kundini, tuma.

ASHA: Na zile programu za pembeni zinazodai kutuma zenyewe?

MUSA: Mimi sizipendi, dada. Nyingi kwenye Android zinaomba ruhusa ya Accessibility, maana yake zinasoma skrini yako na kubonyeza kwa niaba yako. Skrini ikiwa imefungwa kwa namba ya siri, mara nyingi zinakwama. Hali ya kuokoa betri nayo inaweza kuzizima kimyakimya. Asubuhi unajua limetoka, kumbe halijatoka.

ASHA: Na kama saa hiyo uko safarini, huna mtandao?

MUSA: Mpe msimamizi mwenzako maneno kamili usiku huo, na saa ya kutuma. Saa 07:05 angalia kundi ukiweza. Kama kimya, mpigie.