Mgongo wazi haukuanguka kutoka mbinguni

(Mhadhara kwa wahasibu, Kisumu)

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na najua kuna mtu pale nyuma anahesabu ni mara ya ngapi. Ahesabu tu. Leo tena naanza na mgongo wazi.

Kiwanda kinanunua mbuta, kinatoa minofu ya kuuza nje, kinabaki na kichwa na mifupa yenye nyama kidogo: huo ndio mgongo wazi. Akina mama wa Obunga wanainunua, wanaikaanga, na sisi wahasibu tunaila na ugali jioni. Asubuhi yake tunaandika pesa hizo chini ya "mapato mengine", jirani na riba ya benki na pikipiki kuukuu iliyouzwa. Kana kwamba mifupa ile ilikuja na mvua! Ilinunuliwa kwa kilo, pamoja na samaki.

Tuandike namba nyepesi za ubaoni, si za kiwanda chochote. Mbuta kilo 10,000 kwa shilingi 400 ni milioni 4. Kukata, umeme na barafu ni 400,000. Jumla 4,400,000. Tumepata minofu kilo 4,000 na mgongo wazi kilo 4,000. Zilizobaki ni matumbo na maji. Mgongo wazi unauzwa 60, lakini magunia na kupakia vinakula 10. Hiyo 50 inayobaki ndiyo thamani halisi ya mauzo: bei ukishatoa gharama za kuufikisha kwa mnunuzi. Mara kilo 4,000, ni 200,000.

Anayeandika mapato mengine anaibebesha minofu gharama yote: shilingi 1,100 kwa kilo. Anayefuata thamani halisi anatoa zile 200,000 kwenye gharama kwanza, na minofu inakuwa 1,050.

Sasa mwezi unaisha. Mgongo wazi wote umeshauzwa, maana hauna subira. Minofu imeuzwa kilo 2,500 kwa 1,300, na 1,500 zimo kwenye chumba cha baridi. Wa kwanza anapata faida ya 500,000 kwenye minofu, anaongeza 200,000: laki saba. Wa pili anapata 625,000. Tofauti ni 75,000, yaani kilo 1,500 mara 50. Wa kwanza amekula leo faida ya samaki ambao minofu yao bado imeganda.

Mtu atasema: "Mwalimu, mwezi ujao si zitalingana?" Zitalingana, minofu ile ikiuzwa. Lakini katikati hapo watu wanafanya maamuzi. Niliwahi kukaa na meneja wa kiwanda kimoja, sikitaji, mnunuzi akapiga simu akitaka minofu kwa 1,080. (Namba nimezigeuza zilingane na ubao.) Meneja akachungulia karatasi, akaona 1,100, akakata simu. "Hatuuzi kwa hasara." Hasara gani? Kila kilo ya minofu ilikuwa imeshaleta shilingi 50 kupitia lango la nyuma, ila pesa hizo zilikuwa ukurasa mwingine. Chai yangu ilipoa nikimwelezea.

Na lango hilo la nyuma! Ukiandika risiti tu, hakuna anayeuliza kilo zilipaswa kuwa ngapi. Kwa thamani halisi lazima ujue uzalishaji: samaki kilo 10 zimetoa mgongo wazi kilo 4. Zikiuzwa 3,100 badala ya 4,000 na ghalani hakuna kitu, una swali la kumuuliza mtu wa mizani.

Najua hoja nyingine: "Ni kitu kidogo." Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu nambari 2, aya ya 14, kinasema mazao ya pembeni yakiwa madogo, mara nyingi hupimwa kwa thamani halisi na kutolewa kwenye gharama ya zao kuu. Kwa hiyo udogo wenyewe unakupeleka kwangu. Tena kidogo kwa kipimo gani? Laki mbili ni chini ya asilimia 5 ya gharama. Kwenye ile faida ya laki saba ni zaidi ya robo.

Udhaifu upo, sifichi. Bei ya mgongo wazi ikishuka hadi 30, minofu inapanda hadi 1,080 bila kisu kubadilika. Makadirio ya bei yaangaliwe kila mwezi. Na kama ni viroba vitatu kwa wiki, andika mapato mengine, ukalale.

Naonyeshwa saa. Mabondo, basi, kwa haraka: bondo la mbuta, yaani kibofu chake cha hewa, likikaushwa, kilo moja inaipita minofu kwa bei. Hilo si zao la pembeni tena. Gharama igawanywe kati yake na minofu kwa uwiano wa mauzo, na anayeliweka kwenye mapato mengine aje tuonane hapo nje.