Dhahabu Ilipanda Duniani, Mombasa Ikashuka

Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya wanachama wa vyama vya akiba

Assalamu alaykum, na jioni njema kwenu nyote, kina mama, kina baba na vijana mliokuja.

Nimeombwa nizungumzie bei ya dhahabu dukani: kwa nini leo sonara anakutajia bei hii, na wiki ijayo anakutajia nyingine ilhali kidani ni kilekile, kimetundikwa palepale. Wengi wetu jibu tunalo tayari, kwamba sonara ametaka faida zaidi. Wakati mwingine ni kweli. Lakini nataka twende polepole kwenye miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka 2024, kwa sababu hapo lilitokea jambo ambalo jibu hilo haliwezi kulieleza. Dhahabu duniani ilikuwa ikipanda. Kwa shilingi ya Kenya, ikawa inashuka.

Kwanza tujue bei inatoka wapi. Dhahabu ya dunia huuzwa kwa wakia, na bei yake hutajwa kwa dola ya Marekani. Kule London huwekwa bei rasmi mara mbili kwa kila siku ya kazi, saa nne na nusu asubuhi na saa tisa alasiri kwa saa zao, na katikati ya hapo soko haliachi kusogea. Bei hiyo ni ya dhahabu safi, ile tunayoiita karati 24. Hakuna ujira wa fundi ndani yake wala kodi ya duka.

Hapa pana mtego unaowanasa hata watu wanaojua hesabu. Wakia ya dhahabu si wakia iliyoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Ya vyakula ina gramu 28 na ushei, ya dhahabu ina gramu 31.1. Ukigawa kwa ile ya vyakula, utapata bei ya gramu iliyozidi kwa karibu asilimia 10, kisha utaingia dukani ukidhani sonara anauza kwa bei ya kutupa.

Sasa tuchukue kidani kimoja tukifuate. Kina gramu 20, karati 21. Karati 21 maana yake sehemu 21 kati ya 24 ni dhahabu safi na zilizobaki ni shaba, fedha au madini mengine ya kukiimarisha. Ndiyo sababu nyuma ya kufuli lake utaona kimepigwa muhuri 875: katika kila sehemu elfu, 875 ni dhahabu. Karati 22 hupigwa 916, na karati 18 hupigwa 750.

Mwisho wa Januari 2024, wakia ilikuwa karibu dola 2,030. Gawanya kwa 31.1, unapata dola 65 na senti 27 kwa gramu. Dola moja wakati huo, mnakumbuka, ilifika karibu shilingi 161. Kwa hiyo gramu ya dhahabu safi ilikuwa kama shilingi 10,500. Izidishe kwa 0.875 kupata karati 21, utaona 9,195. Mara gramu 20, dhahabu iliyomo kwenye kidani ilikuwa na thamani ya karibu shilingi 183,900, kabla ya ujira na kodi.

Twende mwisho wa Machi mwaka huohuo. Wakia imepanda hadi karibu dola 2,200, yaani zaidi ya asilimia 8 kwa miezi miwili. Aliyetazama habari za dunia angesema kidani kimepanda bei. Lakini dola nayo imeshuka kutoka 161 hadi karibu 132. Rudia hesabu ileile: 2,200 gawa kwa 31.1, zidisha kwa 132, zidisha kwa 0.875, zidisha kwa 20. Unapata karibu shilingi 163,400. Kidani kilekile kimepoteza shilingi elfu 20 na zaidi, huku dhahabu ya dunia ikisherehekea.

Mambo haya mawili yanazidishana, na hiyo ndiyo siri yote. Dhahabu kwa dola ilipanda asilimia 8, dola kwa shilingi ilishuka asilimia 18. Ule mshuko ukaumeza ule mpando na kubakisha upungufu wa asilimia 11.

Kwa nini shilingi ilipata nguvu ghafla namna ile? Haikuhusiana na dhahabu hata kidogo. Serikali ilikuwa na deni la hatifungani ya kimataifa ya dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni 2024, na soko lilikuwa na hofu kwamba dola za kulipia hazitapatikana. Mwenye dola akazikumbatia. Februari 2024 Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 13, serikali ikatoa hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 na kuanza kulinunua lile deni la zamani, na wawekezaji wa nje wakaja kununua hatifungani za miundombinu kwa sababu ya riba yake nono. Hofu ikaisha, waliokuwa wamezificha dola wakazitoa. Bibi harusi wa Machi mwaka ule alipata nafuu ya kidani chake kwa ajili ya mambo yaliyoamuliwa Nairobi na kwenye masoko ya madeni, wala sonara wake hakuhusika.

Linganisheni na ndugu zetu walioko Dubai na Maskati. Dirhamu ya Imarati imefungwa kwenye dola, dola moja ni dirhamu 3.6725, na imekaa hapo tangu 1997. Riali ya Omani nayo imefungwa vivyo hivyo. Shangazi yako wa Maskati akikwambia dhahabu imepanda, anasema kweli, kwa sababu kwake kuna kitu kimoja tu kinachosogea. Kwetu ni viwili. Ndiyo maana mwaka ule mtu alipiga simu Maskati akaambiwa imepanda, akaenda dukani kwake Mombasa akasikia nyingine, akadhani mmoja wao ni mwongo.

Mama mmoja pale mbele ameniuliza, “Mwalimu, mbona mimi Machi ile sikuona bei ikishuka hivyo?” Swali zuri sana, na lina majibu mawili.

La kwanza ni ujira. Tuseme fundi anatoza shilingi 1,500 kwa gramu, basi kidani chetu kina ujira wa 30,000. Huo haupandi wala haushuki na London. Ukiujumlisha, kidani kimetoka 213,900 hadi 193,400, yaani mshuko wa chini kidogo ya asilimia 10. Kitu chenye nakshi nyingi, au karati ya chini, hufuata bei ya dunia kwa unyonge zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya bei yake ni kazi ya mkono.

La pili ni shehena. Sonara aliyenunua vidani vyake Januari, dola ikiwa 161, akiuza Machi kwa hesabu ya 132 anakula hasara. Kwa hiyo huburuta miguu. Anasubiri mali ile ya ghali itoke, au anangoja aone kama dola itarudi juu. Lakini ukimpelekea dhahabu yako kuukuu ainunue, hapo haburuti miguu hata kidogo, anakupigia hesabu ya asubuhi ileile. Simlaumu, nami ningefanya hivyo. Ila mjue kwamba dola inaposhuka ghafla, bei anayonunulia dhahabu yako hushuka kwanza na bei anayokuuzia yake hushuka baadaye, na pengo kati yake hupanuka.

Njia ya kulijua pengo hilo ni kumuuliza sonara mmoja, siku moja, maswali mawili: gramu ya karati 21 unauza ngapi, na unanunua ngapi? Kisha piga hesabu yako mwenyewe kwa simu. Inayotajwa ya kununua itakuwa chini ya hesabu yako, ya kuuza itakuwa juu. Ikiwa ya kuuza imezidi sana, mwambie akutenganishie: dhahabu ngapi, ujira ngapi, kodi ngapi. Na hakikisha vito havikupimwa pamoja na dhahabu, maana jiwe la rangi kwenye pete likipimwa kwa bei ya karati 21, umelinunua kioo kwa bei ya dhahabu.

Tangu katikati ya 2024 hali imebadilika. Dola imekaa karibu shilingi 129, haiendi wala hairudi. Matokeo yake sisi sasa tunafanana na Maskati: kinachosogea ni kimoja. Na kimesogea kweli. Machi 2025 wakia ilivuka dola 3,000, na Oktoba ikavuka 4,000. Kwa wakia ya dola 4,000 na dola ya shilingi 129, dhahabu ya kidani chetu ni karibu shilingi 290,000. Safari hii hapakuwa na shilingi ya kutukinga, kwa sababu shilingi ilisimama. Ukisikia mtu anasema shilingi imara huleta dhahabu rahisi, mwambie shilingi imara huileta bei ya dunia kama ilivyo, iwe tamu au chungu. Inayoshusha ni shilingi inayopanda.

Kijana wa nyuma ameuliza kuhusu Tanzania. Wenzetu wana Geita, wanachimba wenyewe, je, kwao si rahisi? Na pia, Machi 2024 dhahabu iliposhuka hapa, si ingefaa mtu apeleke yake Tanga akauze?

La Geita kwanza. Mchimbaji anayeweza kuuza nje kwa bei ya dola hatamuuzia jirani kwa bei ya chini, na Benki Kuu ya Tanzania yenyewe hununua dhahabu kwa kufuata bei ya dunia, ila hulipa kwa shilingi. Umbali wa mgodi hauko kwenye hesabu.

La Tanga, tulipige. Dola ilikuwa karibu shilingi 2,510 za Tanzania mwisho wa Januari, na karibu 2,560 mwisho wa Machi. Gramu safi basi ilitoka kama 163,800 hadi 181,100. Ilipanda kwao kwa asilimia 10 na ushei, wakati kwetu ilishuka 11. Inatia tamaa. Lakini fedha utakazolipwa ni za Tanzania, na Januari shilingi yetu moja ilinunua kama 15.6 za kwao, Machi ikanunua 19.4. Gawa 181,100 kwa 19.4, unapata karibu 9,335. Sasa rudi kwenye hesabu yetu ya Mombasa: dola 2,200 kwa 31.1, mara 132. Unapata 9,338. Umesafiri hadi Tanga na kurudi, umepungukiwa shilingi tatu kwa gramu, na hapo sijaweka nauli wala maswali ya forodha pale Horohoro.