Deni la Pointi: Ukiwekwa Probesheni Fanya Hesabu Kwanza

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Nianze na ile barua. Ukiletewa barua inasema uko probesheni, hujafukuzwa. Watu wanachanganya probesheni na kudisko, ni vitu viwili tofauti kabisa. Probesheni maana yake wewe bado ni mwanafunzi ila uko chini ya uangalizi, GPA yako imeshuka chini ya kiwango cha chuo, na vyuo vingi vinavyotumia skeli ya 4 kiwango chenyewe ni 2.0. Unapewa muda, mara nyingi semista moja au mbili, na masharti, mfano usizidishe kozi au ukamwone mshauri wa masomo kabla ya kujisajili. Kudisko kunakuja muda ukiisha na hujapanda.

Sasa GPA inapatikanaje? Hapa ndo wengi wanajidanganya, wanajumlisha gredi wanagawanya kwa idadi ya kozi, hapana, kila kozi ina uzito wake unaitwa krediti. A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni 0. Chukua gredi zidisha kwa krediti unapata pointi, jumlisha pointi zote, halafu gawanya kwa krediti zote. Mtu ana A kwenye kakozi ka krediti 1 na D kwenye kozi ya krediti 4, anasema "si wastani ni 2.5?" Wapi! Pointi 4 jumlisha 4 ni 8, gawanya kwa 5, ni 1.6. Huyo yuko probesheni na wala hajui.

Tuchukue mwanafunzi mmoja wa kubuni tu. Kozi zake zote ni za krediti 3. Semista ya kwanza B moja na C nne, pointi 33 kwa krediti 15, yaani 2.2, yuko salama. Semista ya pili mambo yakaharibika, C mbili, D mbili na F moja, pointi 18. Jumla ana pointi 51 kwa krediti 30, GPA 1.7.

Mimi huwa nawaambia wanafunzi waachane kwanza na hiyo 1.7, watafute deni. Krediti 30 kwa kiwango cha 2.0 zinatakiwa ziwe na pointi 60, yeye ana 51, kwa hiyo anadaiwa pointi 9. Ukishaliona hivyo kila gredi inaongea: kwenye kozi ya krediti 3, C hailipi chochote, B inalipa 3, A inalipa 6, na D inaongeza deni kwa 3. Kwa hiyo akisoma kozi tano tena anahitaji B tatu na C mbili, deni kwisha, pointi 90 kwa krediti 45, 2.0 kamili. Kumbe hata A haihitajiki! Lakini mtu akipata C tupu anashangaa mbona amefaulu zote na bado yuko probesheni, ndo hivyo, C haigusi deni.

Kuna aliyeuliza hapa mbele kuhusu kurudia kozi. Swali zuri sana, na jibu linategemea kanuni ya chuo chako, kasome kitabu cha kanuni au uulize ofisi ya msajili. Kama gredi mpya inafuta ya zamani, huyu wetu akirudia ile F akapata B, pointi zinakuwa 60 kwa krediti zilezile 30, deni lote limeisha kwa kozi moja tu! Ila kama chuo kinahesabu zote mbili, B hiyo inalipa 3 tu kama B nyingine yoyote, na ukiambulia C deni linabaki 9 vilevile.

Na hii ya kupunguza kozi ili upumue, naielewa, wakati mwingine ni lazima, ila deni halipungui kwa sababu umepunguza kozi. Pointi 9 kwa kozi tatu maana yake B zote tatu, hakuna nafasi ya kuteleza. Mimi ningechukua nne.

Mwisho angalia kalenda, kuna tarehe ya mwisho ya kujitoa kwenye kozi. Majaribio ya kwanza yakirudi, kabla ya tarehe hiyo, kaa chini piga hesabu upya. Kozi inayoelekea F itakuongezea deni la pointi 6, ukijitoa kwa wakati kwa kawaida haingii kwenye GPA. Ila uliza kwanza kama krediti zitakazobaki zinatosha kwa masharti ya barua yako na ya mkopo kama unao, kuna watu wameokoa GPA wakapoteza mkopo.

Haya, nani alikuja na transkripti? Leta tuhesabu.