Ombi kwanza: kufungua ajenda ya mkopo mbele ya Bodi ya SACCOS

Habari za asubuhi, ndugu mameneja na ndugu makatibu. Nimeombwa nizungumzie zile sekunde za mwanzo unaposimama kuwasilisha ajenda mbele ya Bodi. Nitachukua ajenda moja tu, ya kukopa benki ili kukidhi mikopo ya Januari, maana wengi wenu mtakuwa nayo mezani kabla mwaka haujaisha. Tarakimu nitakazotaja nimezitunga kwa ajili ya mfano.

Tuanze na ufunguzi tuliouzoea. Meneja anasimama: "Ndugu Mwenyekiti, kama wajumbe mnavyofahamu, chama chetu kilianza na wanachama wachache, na kwa jitihada za Bodi yako kimeendelea kukua." Anapita kwenye hisa, anakwenda kwenye akiba, anagusia marejesho, anataja ada za shule. Mjumbe mmoja analidaka hilo neno marejesho na kuuliza wadaiwa sugu wamefikia wapi. Hapo ajenda imeshapotea njia. Nusu saa inaliwa na wadaiwa sugu, kisha Mwenyekiti anauliza, "Sasa Meneja, unaomba nini?" Ukisikia swali hilo, jua ufunguzi wako haukufanya kazi. Na muhtasari utasomeka hivi: "Wajumbe walijadili kwa kina na kuagiza ufuatiliaji uendelee." Ufuatiliaji wa nini, hata aliyeandika hajui.

Mjumbe yule msimlaumu. Hakuambiwa anatakiwa kuamua nini, kwa hiyo alishika la kwanza lililomgusa.

Sasa fikirieni karatasi ile inakokwenda baada ya kikao. Afisa mikopo wa benki hatasoma hotuba yako. Atakudai dondoo ya muhtasari yenye azimio la Bodi, imesainiwa na kugongwa muhuri: kiasi gani, kutoka benki gani, kwa kazi gani, kwa muda gani, na nani wametajwa kutia saini mkataba. Likikosekana mojawapo, unarudishwa kuitisha kikao kingine, na shule zinafunguliwa. Ndiyo maana nasema sentensi yako ya kwanza iwe ile ile ambayo Katibu anaweza kuinakili kwenye muhtasari ikawa azimio, akibadili tu "inaombwa kuidhinisha" kuwa "imeidhinisha".

Sikilizeni inavyosikika:

"Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe, hii ni ajenda namba 4, waraka uko ukurasa wa 11. Bodi inaombwa kuidhinisha chama kikope shilingi milioni 45 kutoka benki tunayohifadhi fedha zetu, kwa miezi 12, kwa ajili ya mikopo ya ada za shule ya wanachama, na kuwateua Mwenyekiti na Meneja kutia saini mkataba. Kamati ya Mikopo imepitisha maombi ya milioni 74. Fedha tunazoweza kutoa bila kugusa akiba ya ukwasi ni milioni 29. Deni letu la sasa ni milioni 30, hivyo tutafika 75, ndani ya ukomo wa madeni wa milioni 120. Tusipokopa, tutawalipa waombaji kwa zamu hadi Machi. Uamuzi unahitajika leo, kwa kuwa benki inachukua wiki tatu kushughulikia maombi."

Isomeni kwa sauti ya kawaida. Ni kama dakika moja. Salamu imo, heshima imo. Najua wapo wanaoona kutanguliza ombi ni kama kuiamulia Bodi. Mimi naona kinyume. Mjumbe aliyetoka darasani au wodini akapanda bodaboda kuja kikaoni ana haki ya kujua mapema kura yake inatakiwa kwenye nini. Kuiamulia Bodi ni kuificha habari kisha kuisukuma dakika za mwisho watu wakitazama saa.

Kuna neno moja la kuchagua kwa uangalifu: kitenzi. Kwenye waraka wetu tunapenda kuandika "Bodi inaombwa kupokea, kujadili na kuridhia", tukidhani wingi wa vitenzi ni usalama. Taarifa ya mapato na matumizi ya mwezi, Bodi inaipokea. Mkopo ulio ndani ya ukomo wa madeni, Bodi inauidhinisha. Lakini ukomo wenyewe si wa Bodi: unapitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Tuseme kwenye mfano wetu ukomo ungekuwa milioni 60. Deni likifika 75, ombi la kuidhinisha mkopo lingekuwa batili hata wajumbe wote wakinyoosha mikono. Ufunguzi sahihi ungekuwa: "Bodi inaombwa kupendekeza kwa Mkutano Mkuu kuongeza ukomo wa madeni kutoka milioni 60 hadi milioni 90." Hiyo ni ajenda nyingine kabisa, na haiwezi kuokoa ada za Januari. Afadhali ujue hivyo unapoandika waraka kuliko kuambiwa na mkaguzi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, fungua masharti ya chama na muhtasari wa Mkutano Mkuu uliopita, uone mamlaka yako wapi.

Jambo la pili ni gharama. Meneja mwenye hofu huificha ukurasa wa mwisho, halafu mjumbe mhasibu anaifukua. Itajeni mara tu baada ya ombi, mkiulizwa au msipoulizwa. Benki inatutoza riba ya asilimia 15 kwa mwaka kwa salio linalopungua. Sisi tunawakopesha wanachama kwa asilimia 18. Tukirejesha mtaji sawasawa kila mwezi kwa miezi 12, benki tutailipa riba ya takriban milioni 3.66, na wanachama watatulipa takriban milioni 4.39. Kinachobaki ni kama laki saba na thelathini. Toa ada ya mkopo ya asilimia 1, yaani laki nne na nusu, unabaki na laki mbili na themanini hivi, na hapo hakuna hata mwanachama mmoja aliyechelewesha rejesho. Wawili watatu wakikwama, imekwisha.

Basi msiseme mkopo huu utaleta faida. Semeni: "Mkopo huu hautuingizii kitu cha maana. Tunauomba ili mwanachama asiende kwa mkopeshaji wa mtaani na makato yake ya mshahara yakavurugika." Bodi inaweza kukubali au kukataa sababu hiyo, lakini itakuwa imejadili sababu ya kweli.

Na ikikataa? Wenzangu wengi hudhani ufunguzi mzuri ni ule unaopitisha ombi. Hapana. Bodi ikisema hapana kwa ombi lililotajwa wazi, Katibu ataandika: "Bodi haikuidhinisha mkopo wa milioni 45 kwa kuwa tofauti ya riba ni ndogo, Meneja atoe mikopo ya ada kwa milioni 29 zilizopo, kwa utaratibu wa aliyetangulia kuomba." Kesho yake saa mbili asubuhi una la kumwambia mwanachama aliyesimama dirishani na fomu ya shule mkononi: yuko wa ngapi kwenye orodha, na zamu yake inategemewa kufika mwezi gani.