Bango langu la kongamano: huku majuu tunaomba kwa lugha gani?

Mulembe watu wangu wa Kakamega, Vihiga, na nyinyi wa Kisumu pia, karibuni. Hii kitu iko nyuma yangu ni bango la kongamano, saizi ya A0, karibu sentimita 84 kwa 119, na linahusu lugha tunazotumia kanisani sisi Wakenya tulio huku.

Ukiuliza mtu kanisa lenu mnatumia lugha gani atakwambia Kiswahili, hafikirii mara mbili, hata mimi ningejibu hivyo. Lakini nilikaa nyuma na daftari na saa (mchungaji na wazee waliniruhusu, na waumini wakatangaziwa, maana maombi ya mtu huwezi kuyaandika kimyakimya), lugha ikibadilika naandika dakika, nani anaongea, na ni sehemu gani ya ibada. Mtaalamu wa lugha na jamii, Joshua Fishman, alishauliza hivyo 1965: nani anaongea lugha gani, na nani, na lini.

Mahubiri yalikuwa Kiingereza, kwa sababu ya watoto waliozaliwa huku. Nyimbo Kiswahili. Sasa maombi, jamani, kuna mama mmoja alianza na Kiingereza, akafika kwa mamake anayeugua kule Vihiga akaingia Kimaragoli, Nyasaye, Nyasaye, halafu akamalizia na Kiswahili ndio wote waitikie amina. Ombi moja, lugha tatu, na kila moja ilikuwa na mtu wake!

Shida ikaja kwa kuhesabu. Tuseme ibada ni dakika 100: mahubiri 45 na matangazo 15 kwa Kiingereza, nyimbo sita dakika 30, maombi manne dakika 10. Ukihesabu dakika, Kiingereza ni asilimia 60. Ukihesabu vipande, Kiingereza ni viwili kati ya 12. Ibada ni ile ile, na ukiandika namba moja tu kwa herufi kubwa pale juu, mtu anayepita na chai mkononi ataondoka akijua nusu ya habari. Kwa hivyo nimechora kila sehemu ya ibada na mstari wake, na maombi nikayagawa penye lugha inabadilika.

Kuna kitu bango halionyeshi na nimekiandika pale chini wazi. Hili ni kanisa moja, na ni Jumapili tu. Mtu wetu akifiwa tunakutana jioni kwa nyumba, na huko ndio Kimaragoli kinatoka kabisa, lakini sikuwa na roho ya kuingia na daftari kwa watu wanaolia.

Alafu watoto. Wanaimba Kiswahili beti zote, kwa daftari nimeandika Kiswahili, lakini msichana mmoja nilimuuliza "neema" ni nini akaniambia ni jina la auntie yake. Kuimba na kuelewa lazima upime mbali mbali, na hiyo sikupima. Wewe uliye huko Mbale, mjukuu wako wa huku akikuombea kwa simu anatumia lugha gani? Niandikie hapo chini, nitasoma zote.