Mita Moja ya Ziada Chini ya Msingi: Namna ya Kudai Malipo ya Kazi Isiyokuwemo Kwenye Mkataba

Mabibi na mabwana, wakandarasi wenzangu, na nyinyi wakadiriaji majenzi mliokuja kutusikiliza, habari za asubuhi.

Leo sitazungumzia mikataba yote. Nitachukua mtaro mmoja wa msingi, niushike mpaka mwisho, kwa sababu kazi ya ziada inayotutesa zaidi ni ile inayofukiwa. Dirisha lililoongezwa kila mtu analiona. Zege lililomwagwa mita mbili na nusu chini ya ardhi halionekani tena, na miezi sita baadaye unabaki wewe na neno lako.

Tuchukue jengo la ghorofa mbili, Dar es Salaam, kwenye kiwanja cha bondeni. BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei iliyomo mkatabani, inasema mtaro wa msingi una urefu wa mita 120, upana mita 1 na kina mita 1.5. Mnachimba, mnafika kina hicho, mnakuta mfinyanzi laini wenye maji. Mhandisi anakuja, anachomeka nondo kwenye udongo, inazama. Anasema: "Ongezeni mita moja, mjaze zege konda mpaka usawa wa awali." Zege konda ni lile lenye saruji kidogo. Anapanda gari, anaondoka. Bei zote nitakazozitaja ni za mfano, lakini njia ya kuzipata ndiyo ya kuondoka nayo.

Swali la kwanza, kabla ya hela: je, mmeagizwa? Na nani? Nitatumia mkataba wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kitabu chekundu cha 1999, kwa kuwa ndio mnaokutana nao sana kwenye miradi mikubwa. Wanaofanya kazi chini ya mkataba wa Baraza la Taifa la Ujenzi wasome wa kwao, maana namba za vifungu na hesabu ya siku hazilingani. Katika FIDIC ya 1999, mabadiliko ya kazi yanaagizwa na Mhandisi, au msaidizi wake aliyekabidhiwa madaraka hayo kwa maandishi. Mwenye mradi akipita saiti Jumamosi na kumwambia forimani wako "ongeza hapa", hiyo bado si amri. Mwandikie Mhandisi siku hiyohiyo, ueleze ulichoambiwa na uombe agizo lake.

Na kama Mhandisi mwenyewe amesema kwa mdomo, kama yule wa kwenye mtaro wetu? Kifungu cha 3.3 kinakupa siku mbili za kazi kuthibitisha agizo hilo kwa maandishi. Mhandisi asipolikataa wala kutoa agizo lingine kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi baada ya kuipokea barua yako, barua hiyo inakuwa agizo lake la maandishi. Kwa hiyo barua ya mistari minne, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, ina thamani ya mtaro mzima. Iandike hivi: tarehe fulani, saa fulani, ulituagiza kuchimba mita moja zaidi kati ya nguzo hii na hii na kujaza zege konda, tunathibitisha agizo hilo, tunaliona kuwa ni mabadiliko ya kazi, tunaomba tupime pamoja kabla ya kumwaga zege.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wenye mikataba mipya. FIDIC ya 2017 imebadilisha jambo hili, na watu wanaumia kwa kufuata mazoea. Mle, ukipewa agizo ambalo halikuitwa mabadiliko nawe unaona ni mabadiliko, unatoa notisi kabla ya kuanza kazi. Mhandisi akinyamaza siku 7 tangu aipokee, agizo linahesabika limefutwa. Kimya kilekile ambacho mwaka 1999 kilikulinda, huku kinakuondolea agizo. Ukiendelea kuchimba, unachimba kwa hela yako. Fungua ukurasa wa kwanza wa mkataba wako uone ni toleo gani.

Sasa vipimo. Mtaro uko wazi, maji yanavutwa, fundi anataka kumwaga. Usimruhusu bado. Kifungu cha 7.3 kinakutaka umjulishe Mhandisi kabla ya kazi kufunikwa, na wewe ndiye mwenye faida zaidi na taarifa hiyo. Pimeni pamoja, wewe na mtu wa Mhandisi. Chukueni usawa wa chini ya mtaro kila baada ya mita 10, kutoka alama ya kudumu ambayo haitaguswa, si kutoka juu ya kifusi. Chini ya mtaro hapajanyooka: sehemu moja mtakuta sentimita 95, nyingine mita 1 na sentimita 8. Andikeni zote, mtafute wastani, msaini wote wawili karatasi ileile. Pimeni na upana, kwa sababu kuta za mfinyanzi huporomoka, na udongo ulioporomoka mkadiriaji anaweza kukataa kuulipia akisema hukuzuia kuta. Picha zipigwe huku kipimo kikisimama ndani ya mtaro na namba zikisomeka. Picha ya mtaro mtupu inaonyesha kulikuwa na mtaro, haionyeshi kina.

Tuseme wastani umetoka mita 1 kamili. Mita 120 mara 1 mara 1: mita za ujazo 120 za kuchimba, 120 za kuondoa, 120 za zege.

Tuje kwenye bei, maana hapa ndipo mabishano yanapoanza. BOQ ina bei ya kuchimba mtaro usiozidi kina cha mita 1.5: shilingi 8,000 kwa mita ya ujazo. Mkadiriaji atakwambia: kuchimba ni kuchimba, chukua 8,000. Wewe nawe unajibu 20,000 kwa sababu umeumia. Wote wawili hamjafuata mkataba. Kifungu cha 12.3 kinasema bei ya BOQ itumike kama kazi ni ya aina ileile na inafanyika katika hali ileile. Hali ikiwa tofauti, bei mpya inajengwa kutokana na bei husika iliyomo mkatabani, kwa marekebisho yanayoelezeka. Kwa hiyo 20,000 ya hasira haina mahali pa kusimama, lakini 8,000 nayo ni ya kina kingine kwenye udongo mkavu.

Bei inajengwaje? Fungua mchanganuo wako wa zabuni. Kibarua mmoja analipwa 15,000 kwa siku na ulikadiria anachimba mita za ujazo 2.5. Hiyo ni 6,000 kwa mita. Juu yake uliongeza theluthi moja kwa zana, usimamizi na faida, yaani 2,000, ikawa 8,000. Sasa chini ya mita 1.5, kwenye tope, udongo unarushwa mara mbili: kwanza kwenye jukwaa, halafu juu. Shajara yako ya saiti inaonyesha watu wangapi walichimba siku ngapi, na ukigawanya unapata mita 1.25 kwa mtu kwa siku. Kazi imepungua nusu, gharama ya kibarua inakuwa 12,000, ukiongeza theluthi ileile unapata 16,000. Mara 120, ni shilingi 1,920,000. Mkadiriaji anaweza kubishana na ile 1.25, na ndiyo maana shajara iandikwe kila jioni na kusainiwa. Theluthi hawezi kuikataa kirahisi, kwa kuwa ndiyo aliyoikubali siku ya zabuni. Nawe usiipandishe.

Zege konda tayari lina bei kwenye BOQ, 190,000, la aina ileile, linamwagwa kwenye msingi uleule. Chukua bei hiyo, usitafute nyingine: 22,800,000. Kuondoa udongo kuna bei ya 12,000, inakuwa 1,440,000. Hapa wengi wanakosea kwa kudai kwa idadi ya tripu za lori. Udongo ukichimbwa hufura, na tripu huonyesha ujazo mkubwa kuliko shimo. Kwa kawaida BOQ inalipa ujazo wa udongo ukiwa bado ardhini, na ule uliofura umeshaingizwa ndani ya bei. Ukidai kwa tripu, mkadiriaji ataanza kuitilia shaka karatasi yako yote.

Bado pampu. Kama BOQ haina bei inayofaa na Mhandisi ameagiza ilipwe kwa utaratibu wa kazi ya kutwa, peleka kila siku karatasi yenye saa za pampu, mafuta na mtu aliyeiendesha, isainiwe. Siku 9 kwa 60,000 ni 540,000. Bila agizo hilo, pampu iingie kama sehemu ya bei uliyojenga. Isiingie pande zote mbili.

Jumla: 26,700,000. Dada mmoja pale nyuma ameniuliza kabla hatujaanza, aandike ankara ya peke yake? Hapana, dada yangu. Chini ya kifungu cha 14.3 kazi hii inaingia kwenye maombi ya malipo ya mwezi, katika thamani ya kazi iliyofanyika. Iweke kwenye ukurasa wake, namba ya agizo juu, kisha karatasi ya vipimo, mchanganuo wa bei na picha. Pesa ya zuio, ile inayoshikiliwa kwa muda, inakatwa kama kwa kazi nyingine: ikiwa ni asilimia 10, ni 2,670,000, inabaki 24,030,000. VAT ya asilimia 18 inakuja mwishoni mwa cheti cha malipo, usiichanganye ndani ya bei ya kila kipengele, utajikuta umeitoza mara mbili. Mhandisi ana siku 28 kutoa cheti, na mwenye mradi analipa ndani ya siku 56 tangu Mhandisi alipopokea maombi yako.

Na kama bei haijakubaliwa? Watu wengi wanaiacha nje wakisubiri makubaliano, na huko inalala mpaka hesabu ya mwisho. Usiiache. Kifungu hichohicho cha 12.3 kinamtaka Mhandisi aweke bei ya muda kwa ajili ya cheti mpaka bei halisi ipatikane. Akiweka 8,000, chukua 960,000 za mwezi huu na andika kwamba tofauti ya 960,000 bado unaidai.

Mwisho, muda. Mtaro huu umekula siku, na siku hizo haziji zenyewe pamoja na hela. Unataka nyongeza ya muda? Toa notisi chini ya kifungu cha 20.1 ndani ya siku 28 tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, juu ya tukio linalochelewesha kazi. Zikipita, haki hiyo imekwenda, hata kama mabadiliko yenyewe yamelipwa yote, na utakatwa fidia ya ucheleweshaji kwa siku ulizotumia kutekeleza agizo la Mhandisi. Notisi hiyo haihitaji hesabu kamili, maelezo yanafuata ndani ya siku 42 tangu siku hiyohiyo ya kujua. Inahitaji tu kutaja tukio na kusema kwamba unadai muda. Iandike siku ileile unayoandika barua ya kuthibitisha agizo, uzipeleke zote mbili kwa mkono mmoja, zigongwe muhuri pamoja.

Karibuni kwa maswali.