Atlasi Si Gunia la Mitumba

Naanza na simu hii. Niliinunua barabara ya Luthuli, Nairobi, RAM ni gigabaiti 2, kioo kimepasuka pembeni. Kabla sijaamini picha yoyote imebanwa vizuri, lazima niione hapa kwanza. Mlionisikia mwaka jana mnajua ninakoelekea, kwa hiyo nivumilieni: ni kupanga atlasi, ile picha moja kubwa inayobeba spraiti, yaani vipicha vyote vya mchezo, na kuibana isijaze kumbukumbu ya simu.

Nikimwuliza mtu mchezo wake unakula kumbukumbu kiasi gani, ananifungulia folda. "Mwalimu, atlasi yangu ni PNG ya kilobaiti 700 tu!" Ndugu yangu, hiyo ni saizi ya faili. PNG ikipakiwa hufunguliwa yote kabla ya kwenda kwa GPU, chipu inayochora, baiti 4 kwa kila pikseli. Zidisha 2048 kwa 2048 kwa 4: megabaiti 16. Hata pengo tupu kati ya spraiti na spraiti unalilipia.

Picha iliyobanwa kwa ASTC, njia ambayo GPU huisoma bila kuifungua yote, hukaa imebanwa humo humo kwenye kumbukumbu. ASTC huikata picha vigae, na kila kigae hupewa baiti 16, kiwe kikubwa kiwe kidogo. Ukichagua kigae cha pikseli 4 kwa 4, atlasi ile inashuka hadi megabaiti 4. Cha 6 kwa 6, kama 1.8. Basi kila mtu anakimbilia 6 kwa 6, na hapo ndipo ninapokasirika.

Nilikuwa na mchezo wa matatu kwenye foleni. Atlasi 3 za 2048, yaani megabaiti 48 bila kubana, na nilikuwa nimeiachia programu ipange spraiti kwa majina: kitufe karibu na kiosk, namba ya ruti karibu na mti. Nikabana zote 6 kwa 6. Grafiti za matatu zikatoka safi. Miti safi. Lakini kibao cha 46, namba nyekundu juu ya weupe na ukingo mweusi, kikawa kama kimelowa mvua. Ule mstari wa njano ubavuni nao ukafanya uchafu pale unapokutana na mlango wa buluu.

Sababu ni hii. Ndani ya kigae, ASTC huchagua rangi mbili, na pikseli zote hupangwa kati ya hizo mbili. Inaweza kukigawa kigae makundi, kila kundi na jozi yake, lakini baiti ni zilezile 16, kwa hiyo jozi zikiongezeka, kinachobaki cha kueleza kila pikseli kinapungua. Kibao changu kilikuwa na rangi tatu ndani ya pikseli 36. Kigae cha grafiti kimevurugika vilevile, ila nani atajua?

Nikarudi 4 kwa 4 kote, megabaiti 12, kwa sababu aina ya kubana huchaguliwa kwa atlasi nzima. Yaani vibao vichache vilikuwa vinailazimisha miti yote kulipa nauli yao. Nikavitoa vibao na vitufe, nikaviweka kwenye atlasi ya 1024, 4 kwa 4, megabaiti 1. Nikajiona bingwa.

Mtu ataniambia, atlasi zaidi, amri za kuchora zaidi. Kwa vitufe, haidhuru: huchorwa mwisho, juu ya vyote. Kwa vibao, amesema kweli, na iliniuma. Matatu, kibao, matatu, kibao: kila hatua inabadilisha atlasi. Nikachora matatu zote kwanza, vibao baadaye. Foleni ilipobanana, 46 ya gari la nyuma ikaonekana juu ya gari la mbele. Nikasalimu amri. Matatu na vibao vyake vikakaa atlasi moja ya 4 kwa 4, miti na majengo mbili za 6 kwa 6, vitufe peke yao. Jumla, megabaiti 8.6 hivi.

Jaribio ni mstari mmoja:

```
astcenc -ts atlasi.png jaribio.png 6x6 -thorough
```

Inabana na kufungua tena, na inakupa PSNR, namba ya jinsi picha iliyobanwa inavyofanana na ya kwanza. Msiilalie hiyo namba! Ni wastani wa atlasi nzima, na miti itakificha kibao. Fungueni jaribio.png kwenye simu, mtazame maandishi.

Naona mwenyekiti anatazama saa, kwa hiyo mbio mbio. Anzeni kila spraiti kwenye mpaka wa kigae, ili kigae kisiwe na wenyewe wawili. Pikseli zinazoonyesha nyuma zisiachwe nyeusi. Zipakeni rangi ya ukingo, la sivyo mtaona uzi mweusi kuzunguka kila mti. Na kama simu haina ASTC, injini nyingi zitaifungua picha yote, megabaiti 16 zikarudi. Kwa simu hizo tengenezeni toleo la ETC2, njia ya kubana ya zamani zaidi, ambalo pamoja na uwazi ni megabaiti 4 kwa atlasi, hakuna cha 6 kwa 6. Haya, maswali.